Neshama ni roho au nafsi?

*Mwalimu, shikamoo. Natayarisha kijitabu cha wanafunzi wa elimu ya dini kuhusu baraka ambazo Wayahudi huzisema wakiamka. Nimekwama. Neno la Kiebrania "neshama" niiite roho au nafsi? Na baraka ya macho niandike "afunguaye" au "afumbuaye"? Tena mwenzangu anasema mpangilio wake si muhimu, nizipange nipendavyo. Nisaidie. — Msomaji, Mombasa*

Marahaba. Andika roho, na andika fumbua. Mpangilio usiuguse hata kidogo, kwa sababu ndio utakaokuonyesha kwa nini maneno hayo mawili yanafaa kuliko mengine.

Tuanzie kitandani. Maneno ya kwanza kabisa ya Myahudi akifumbua macho ni Mode Ani, sentensi moja tu, nayo kwa Kiswahili naipendekeza hivi: "Nashukuru mbele zako, Mfalme uliye hai na wa kudumu, kwa kuwa umenirudishia roho yangu kwa huruma, uaminifu wako ni mkuu." Mwanamume husema "mode", mwanamke "moda". Sisi hatuna shida hiyo, "nashukuru" inawatosha wote wawili. Sentensi hii ni changa ukilinganisha na nyingine, maana ilionekana katika maandishi ya rabi mmoja wa Safed, huko Galilaya, mwishoni mwa karne ya 16.

Hapa ndipo watafsiri wengi wanapoteleza. Wanaona dua haina "Mungu" wala "Mola", wanahisi imepungukiwa, basi wanaongeza "Ee Mwenyezi Mungu" mwanzoni. Usiongeze. Jina la Mungu limeachwa makusudi, kwa sababu mtu aliyetoka usingizini bado hajanawa mikono, na kwa desturi yao Jina halitajwi kwa mikono ya namna hiyo. Ndiyo maana dua hii husemwa papo hapo kitandani, kisha mtu ananawa kwa kumiminia maji kwa kikombe, mkono huu kisha huu, mara tatu kila mmoja, na baada ya hapo tu ndipo baraka zenye Jina zinapoanza. Ukilitia Jina katika Mode Ani, umeivunja sababu iliyoiweka dua hiyo mahali pake.

Sasa roho. Kiebrania kina maneno matatu jirani: nefesh, ruah na neshama. Mawili ya kwanza utayatambua mara moja, maana ni ndugu wa nafs na ruh za Kiarabu, tulikotoa nafsi na roho. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba roho tayari ina mwenyewe, yaani ruah, na neshama itafutiwe neno lake. Katika Mwanzo 2:7 Biblia ya Kiswahili imelitafuta: Mungu akampulizia mtu puani "pumzi ya uhai, mtu akawa nafsi hai". Pumzi hapo ni neshama, na nafsi ni nefesh.

Lakini jaribu kuandika "umenirudishia pumzi yangu". Msomaji ataona mtu aliyepanda ngazi akahema, sasa ametulia. Andika "umenirudishia nafsi yangu", utapata mtu aliyejitambua baada ya kujisahau, kwa sababu nafsi katika Kiswahili chetu cha kila siku ni ule "mimi" wa ndani. Sisi nafsi husutwa, lakini haiendi popote. Kinachotoka na kurudi ni roho. Twasema fulani ametokwa na roho, amekata roho, roho yake imekaribia kutoka. Na fikra iliyo nyuma ya dua hii ni hiyo hasa: jioni mtu huikabidhi roho yake kwa Mungu kama amana, asubuhi hurudishiwa. Kwa hiyo ninachagua kwa kutazama kile ambacho neno linaweza kufanya katika sentensi, si kwa kutazama asili yake.

Baada ya kunawa, na mara nyingi baada ya kwenda haja, hufuata Asher Yatsar, baraka ya mwili. Nataka tukae hapa kidogo, maana Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika andiko la Berakhoti, ukurasa wa 60, inaitaja kwa jina la Abaye, mmoja wa marabi hao. Inasema Mungu alimuumba mwanadamu kwa hekima, akaumba ndani yake "nekavim nekavim, halulim halulim". Neno limerudiwa, na kurudia huko si kosa wala si pambo. Nasi twarudia vivyo hivyo: mlango mlango, vipande vipande, madoa madoa. Andika "matundu matundu, mivungu mivungu". Matundu ni zile njia za kupitishia, mivungu ni vile viungo vilivyo wazi ndani, mfano wa moyo na tumbo.

Tahadhari moja tu. Tukisema shati lina matundu matundu, tunamaanisha limechakaa. Ili mwili usionekane kama shati bovu, kitenzi "akaumba" kiwe karibu na maneno hayo, msomaji aelewe kwamba matundu haya yametiwa kwa makusudi. Kisha baraka inaendelea: kimoja kikifunguka, au kimoja kikizibika, mtu hawezi kuishi. Hapa upatanisho hukwama, kwa kuwa tundu ni "li" na mvungu ni "u". Usihangaike, tumia "kimojawapo", ukifikiria kitu, na ki- itayabeba yote mawili: "Ni wazi na yajulikana mbele ya kiti chako cha enzi kwamba kimojawapo kikifunguka, au kimojawapo kikizibika, haiwezekani kuishi na kusimama mbele zako." Vitabu vingine huongeza "afilu shaa ahat". Usiandike "hata saa moja", wanafunzi wako watafikiria saa moja asubuhi. Andika "hata kwa kitambo kidogo", na ndiyo maana yake hasa.

Baraka hiyo hufungwa kwa kumwita Mungu mponya wa wote wenye mwili, mtenda maajabu. Wahenga wao walitofautiana kuhusu mwisho huo, mmoja akitaka uponyaji tu, mwingine maajabu tu, mpaka Rabi Papa akasema vyote viwili viwekwe. Basi usikate kimoja kwa kuona sentensi imekuwa ndefu.

Mwili ukishashukuriwa, inakuja roho yenyewe: Elohai Neshama. Vitabu vingine vya sala huweka baraka za Torati katikati, vingine havifanyi hivyo, nawe fuata kitabu unachotafsiri. Hii haianzi kwa "Ubarikiwe", inaanza kwa "Mungu wangu", na ni kwa sababu inahesabiwa kuwa imeunganika na baraka iliyotangulia. Usiitilie kichwa kisicho chake. Hapa nyakati zetu zinapanda kama ngazi, na ningekuomba usizichanganye: "Mungu wangu, roho uliyoitia ndani yangu ni safi. Wewe uliiumba, Wewe uliiunda, Wewe uliipuliza ndani yangu, nawe unaihifadhi ndani yangu, nawe utaitwaa kwangu, na utairudisha ndani yangu katika wakati ujao." Ni -li- mara tatu, -na- mara moja, kisha -ta-. Na angalia "uliipuliza". Ukiandika "ulinipulizia", kilichopulizwa kinapotea na anabaki mtu tu. Ile -i- ndiyo roho yenyewe, isitoke mdomoni hata mara moja mpaka mwisho.

Ndipo zinafuata baraka fupi fupi za asubuhi, na macho yamo humo. Katika Talmudi kila moja ilikuwa na tendo lake. Mtu akisikia jogoo anamshukuru Mungu aliyempa jogoo akili ya kupambanua mchana na usiku. Akifumbua macho, anasema ya vipofu. Akiketi na kujinyoosha, ya waliofungwa. Akivaa, ya walio uchi. Akisimama, ya walioinama. Baadaye zikahamishiwa sinagogi, zikasemwa zote kwa mfululizo, na katika safari hiyo zikasogea kidogo: katika vitabu vingi leo ya nguo hutangulia ya waliofungwa. Rabi Musa bin Maimuni hakuipenda desturi ya kuzisoma sinagogini kwa mkupuo. Kwake mtu husema baraka anapolifanya lile tendo, asipolifanya hasemi.

Ukilijua tendo, kitenzi kinakuja chenyewe. Kiebrania kina "patah", kufungua kwa jumla, mlango au mfuko, na kina "pakah", ambacho katika Biblia karibu kila mara ni cha macho. Baraka imetumia "pakah". Nasi tuna fungua ya mlango na fumbua ya macho! Kuandika "afunguaye macho" ni kuacha neno lililokwisha kunyooshwa kwako. Tena ile inayofuata katika Talmudi ni "matir asurim", na hapo ndipo fungua inapohitajika, ikifuatwa na "waliofungwa". Nisingeandika "wafungwa", maana wanafunzi wataona gereza, na anayesema hivi ameketi kitandani akinyoosha viungo vilivyokaza usiku. Walioinama nao wana kitenzi chao, inua. Zaburi 146 inazo zote tatu karibu karibu: hufungua waliofungwa, huwafumbua macho waliopofuka, huwainua walioinama. Funga na fungua, fumba na fumbua, inama na inua. Ile -ua yetu ya kugeuza tendo imeiandika asubuhi nzima.

Jambo moja hukuuliza, lakini utalikuta. Baraka za Kiebrania huanza na "Wewe" kisha huhamia kwa "yeye". Kwa Kiswahili "Ubarikiwe Wewe, Mola Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, afumbuaye..." husikika kama ulimi umeteleza. Ukiandika "ufumbuaye" umenyoosha kile ambacho wao wamekiacha kimepinda. Mimi hutumia "mwenye", kwa kuwa haisemi ni nafsi ya pili wala ya tatu: "Ubarikiwe Wewe, Mola Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, Mwenye kuwafumbua macho vipofu." Ukishika umbo hilo, litakufaa mpaka ile ya mwisho, iliyosemwa zamani mtu akiosha uso, "Mwenye kuondoa usingizi machoni pangu na lepe kopeni mwangu".