Umeme Jumapili: kijenereta cha duka langu la maziwa

"Injinia, Jumapili mnakata saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Nikichomeka kijenereta changu kwenye soketi ya ukutani, friji za mtindi zitaendelea?"

Mama, kwenye soketi hapana. Umeme wa kijenereta ukiingia ukutani unarudi kinyumenyume hadi kwenye bodi kuu ya umeme ya jengo, na mafundi wangu watakuwa wameshika nyaya zake kwa mikono, wakibadilisha swichi kuu inayochemka. Kiweke nje, mbali na mlango na madirisha kwa sababu ya moshi, kisha chomeka friji moja kwa moja kwenye kijenereta kwa ekstensheni nene.

Wa ghorofa ya pili kasema ukizima swichi kuu ya duka lako inatosha. Nusu kweli: inakata njia, ila siku moja mtu anasahau. Sitaweka maisha ya fundi kwenye kumbukumbu ya mtu. Tutapima kabla ya kugusa, lakini kijenereta kinaweza kuwashwa baada ya kupima.

Usipokuwa nacho, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa muda wa kama saa 4, na kazi itachukua saa 6. Barafu itasaidia. Friza iliyojaa haina shida.

Aliyeuliza maji: pampu nayo inazimwa, jazeni ndoo Jumamosi. Lifti pia. Umeme ukirudi, subirini dakika 10 ndipo muwashe friji, moja moja.

Kama mvua itanyesha hapa mjini Moshi, tarehe itabadilika; sijui bado.