Ncha za majani zimekauka? Usikimbilie kumwaga maji

Kila mtu akiona ncha za majani zimekuwa kahawia anasema mmea una kiu, anaongeza maji. Mara nyingine ni kweli. Ila kwa hapa Dar, hasa sisi tunaotumia maji ya kisima, mi huwa naanza kushuku chumvi.

Juzi shoga yangu wa Mbezi kanipigia, mmea wake wa spaida uko sebuleni, ncha zote kahawia, anamwagilia kila siku na bado. Nikamwambia kwanza nyanyua chungu, kizito au chepesi? Kizito. Haya ingiza kidole kwenye udongo, akasema mbichi mpaka chini. Basi kiu hapo haipo, maana mmea wenye kiu chungu chake kinakuwa chepesi kama kopo tupu, udongo umejikunyata umeachana na kingo, ukimwaga maji yanapita pembeni yanatokea chini fasta, na majani yenyewe yanalegea, sio ncha tu.

Hewa kavu nayo? Pwani hewa ina unyevu wa kutosha, labda mmea ukae unapigwa na upepo wa kiyoyozi. Hapo utaona upande unaotazama kiyoyozi ndo umeungua zaidi, na mimea ya majani mepesi kama kalathea na kangaga ndo inaumia mwanzo. Yeye hana hata kiyoyozi.

Nikamuuliza juu ya udongo kuna weupe? Kumbe upo, na kwenye mdomo wa chungu pia, ukoko mweupe kama ule wa kwenye birika lake la chai. Ndo chumvi hiyo. Maji yanapanda mpaka ncha ya jani yanaondoka kama mvuke, chumvi inabaki palepale inaunguza, kwa hiyo majani ya zamani ndo yanatangulia na mara nyingi kuna mstari wa njano kati ya kahawia na kijani. Na chumvi ikizidi kwenye udongo mizizi inashindwa kuvuta maji hata kama yapo, ndo maana inafanana sana na kiu. Mbolea nyingi inaleta hayohayo.

Dawa: kwangua ule ukoko wa juu, kidogo tu, nusu sentimita inatosha. Halafu osha udongo, chungu cha lita 3 mwagia kama lita 6 za maji ya mvua, polepole, kwa awamu, yatoke yote kwa matundu ya chini na usiyaache kwenye kisahani maana yatarudi juu na chumvi yake. Kuchemsha maji hakusaidii, chumvi haiondoki na mvuke. Mbolea pumzisha kwanza.

Ncha zilizokauka hazirudi kijani, ukitaka zikate ila bakiza kamstari ka kahawia usijeruhi sehemu nzima. Angalia majani mapya, yakitoka safi mpaka nchani ujue ilikuwa chumvi kweli.