Kupima uzito wa mada kabla ya mtihani: vipindi, marudio na maswali ya semina

*"Nimebakiza wiki tatu kabla ya mtihani wa fiziolojia. Silabasi ina sehemu sita na sitawahi kuzisoma zote kwa kina. Nimehesabu vipindi vya kila sehemu. Je, nipange kusoma kwa kufuata hesabu hiyo?"*

Usiifuate peke yake. Mimi niliifuata katika somo hilohilo na ikaniponza: siku nyingi nilizipa neva na misuli kwa sababu zilikuwa na vipindi vingi, halafu swali la lazima likatoka kwenye figo, mahali nilipokuwa nimesoma nusunusu. Nilipolirudia somo nilikaa na daftari langu nikatafuta ni wapi hesabu ilinidanganya.

Jibu lilikuwa pale pale. Neva zilikuwa na vipindi 5, lakini kimoja kilikuwa marudio ya kilichotangulia kwa sababu projekta iligoma. Vingine viwili vilisogea polepole kwa kuwa darasa halikuelewa. Muda mrefu darasani mara nyingi huonyesha kwamba mada ni ngumu kufundisha, au kwamba siku ilienda vibaya. Kinachoonyesha kuwa mhadhiri anaithamini mada ni kuirejea akiwa anafundisha kitu kingine, na kuitungia maswali ya semina. Anayetunga swali la semina tayari ameshafikiria namna ya kuipima mada ile.

Kwa hiyo nilianza kutoa pointi. Kipindi kimoja cha kweli, pointi 1. Kila mara sehemu inaporejewa ndani ya kipindi cha sehemu nyingine, kwa sentensi kadhaa na si kwa kutajwa tu, pointi 1. Kila swali la semina, pointi 2. Namba hizi nilizichagua mwenyewe na unaweza kuzibadili kidogo. Mpangilio wa juu hautikisiki sana ukifanya swali la semina kuwa pointi 3.

Muhula wetu ulikuwa na vipindi 24. Nikikiondoa kile kilichorudiwa, hesabu ilitoka hivi:

```
Sehemu          Vipindi  Marudio  Semina  Pointi  Uzito
Seli na utando     4        5      1x2      11     20%
Neva na misuli     4        2      1x2       8     14%
Damu               3        1      0x2       4      7%
Moyo               5        3      3x2      14     25%
Upumuaji           3        2      1x2       7     13%
Figo               4        2      3x2      12     21%
Jumla                                       56    100%
```

Tazama seli na utando. Kwa vipindi pekee, kabla ya kukiondoa kile kilichorudiwa, inakaa nyuma ya neva. Lakini mhadhiri aliirejea mara tatu kwenye neva, kwa sababu huwezi kueleza msukumo wa neva bila kujua sodiamu na potasiamu zinavyopita kwenye utando. Akairejea tena kwenye moyo, kisha kwenye figo alipofika osmosisi. Sehemu ya namna hii haitoki kama swali lake tu, hujificha pia ndani ya maswali ya sehemu nyingine.

Pointi hizi zihesabu kutoka kwenye noti zako, kipindi kwa kipindi, usitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu hupendelea mada za mwisho. Ukikuta sehemu zako tatu za juu zote ni za mwezi wa mwisho, rudi kwenye kurasa za mwanzo uhesabu upya. Na kama uliwahi kukosa vipindi, azima daftari la mtu aliyehudhuria, maana slaidi hazionyeshi yale aliyoyarejea kwa mdomo.

Kabla ya kuziamini namba hizi, zijaribu kwenye kitu kilichokwisha kupita. Tulikuwa na testi ya alama 30 iliyohusu seli, neva na damu. Nilihesabu pointi kana kwamba muhula ulikuwa umeishia siku ile, nikapata 9, 6 na 3, yaani makisio ya alama 15, 10 na 5. Testi yenyewe ilikuwa imetoa 16, 8 na 6. Kwa vipindi tu ningekisia 10, 12 na nusu, na 7 na nusu, na neva ingekaa juu ya seli. Testi moja ni ushahidi mdogo, lakini ikikupinga waziwazi, basi mhadhiri wako hatungi kwa kufuata mkazo wa darasani na njia hii haikufai.

Pia haifai kuchanganya wahadhiri. Kama mgeni alifundisha damu kwa vipindi 3 na yeye ndiye anayetunga swali moja kati ya matano, damu ina thamani ya asilimia 20 hata kama jedwali linasema 7. Hapo gawa kwanza mtihani kwa watungaji, kisha pima uzito ndani ya eneo la kila mmoja.

Sasa, uzito bado si kipaumbele. Moyo ulikuwa juu kwa asilimia 25, lakini nilikuwa naujua. Nilichukua maswali 10 mafupi ya kila sehemu, nikayajibu bila noti, nikasahihisha kwa ukali. Kisha nikazidisha uzito kwa kiwango cha maswali niliyokosa. Kwenye moyo nilipata 7, kwa hiyo 25 × 0.3 = 7.5. Kwenye figo nilipata 3, kwa hiyo 21 × 0.7 = 14.7. Seli nilipata 6, ikawa 8. Neva na upumuaji nilipata 5 kila moja, zikawa 7 na 6.5. Damu nilipata 8, ikabaki 1.4. Figo zikapanda juu peke yake, karibu mara mbili ya iliyofuata. Damu sikuifuta: niliiachia jioni moja, kwa kuwa asilimia 7 ya karatasi bado ni alama.

Orodha usiiandike kwa majina ya sehemu. Ukiandika "soma figo" hutajua umemaliza lini. Iandike kama kazi ambayo mtihani unaweza kukudai, na tiki uiweke baada ya kuifanya ukiwa umefunga daftari. Ya kwangu ilianza hivi:

- Figo: chora nefroni na uonyeshe sodiamu, glukosi na maji hufyonzwa wapi.
- Figo: kokotoa ujazo wa plazma unaosafishwa kwa dakika, `C = U × V / P`. Kwa inulini, U = 125 mg/mL, V = 1 mL/min, P = 1 mg/mL, jibu ni 125 mL/min. Eleza kwa nini inulini inafaa kupima uchujaji wa glomerulasi.
- Figo: eleza homoni ya ADH hubadili nini mtu akikosa maji.
- Seli: eleza kwa nini ndani ya seli ya neva iliyotulia kuna volteji hasi.
- Moyo: kokotoa damu inayosukumwa kwa dakika, mililita 70 kwa pigo mara mapigo 72, karibu lita 5.

Vitenzi vya orodha hii nilivitoa kwenye maswali ya semina. Mhadhiri aliyezoea kuandika "kokotoa" kwenye figo na "eleza" kwenye damu mara nyingi huendelea hivyo kwenye mtihani, ndiyo maana mazoezi yangu ya figo nusu yake yalikuwa ya hesabu. Jaribu maswali yale 10 ya kila sehemu tena baada ya siku tano na upange upya. Kwangu figo zilishuka hadi nafasi ya tatu na seli ikashika ya kwanza, nami nikahamishia asubuhi zangu huko.