Boti ya Saa 10:40, na Maswali Mengine ya Kukosoana kwa Barua Pepe

Karani wangu wa bukingi alimwandikia nahodha "ndege saa 10:40". Ndege ilikuwa ya asubuhi, nahodha akajipanga kwenda uwanja wa ndege wa Manda jioni. Wageni wanne wakangoja zaidi ya saa mbili. Nimemwandikia karani hivi: "Nimechoka na uzembe wako. Kila mara ni yale yale. Hata mtoto wa chuoni anajua kusoma saa." Nitume? (Meneja, Shela)

Usitume. Tena huyo mtoto wa chuoni angekosea vilevile, maana kwetu saa 10:40 ni jioni, watu wameshaswali alasiri. Karani alinakili tiketi kama ilivyo, nahodha akaisoma kwa saa ya Kiswahili. Kosa la karani lipo, lakini ni dogo na lina jina: hakuandika asubuhi au jioni. Barua yako hailitaji hata mara moja. Akimaliza kuisoma atajua umekasirika, ila hatajua wiki ijayo aandikeje.

"Uzembe" ni hukumu juu ya mtu mwenyewe, na mtu akihukumiwa hujitetea. "Kila mara" ni mbaya zaidi, kwa sababu si kweli. Papo hapo atakumbuka wageni wote aliowapokea bila tatizo, mbishane juu ya hao na mambo ya boti myasahau. Kama ni mara ya pili, andika "mara ya pili" na utaje siku zote mbili.

Mimi ningeandika hivi:

"Assalaam aleikum. Jumanne ulimwandikia nahodha 'ndege saa 10:40' bila kutaja asubuhi au jioni. Aliisoma kwa saa zetu, akajipanga kwenda jioni. Wageni wanne walingoja Manda zaidi ya saa mbili, na mmoja wao ndiye aliyenipigia simu. Kuanzia leo naomba kila ujumbe kwa nahodha uandikwe hivi: 'Saa 4:40 asubuhi, tiketi imeandikwa 10:40', na usubiri akujibu kwa kuirudia saa hiyo. Kama kuna jambo la siku ile nisilolijua, niambie. Kesho saa tatu asubuhi nipo ofisini, tuliangalie pamoja."

Ukiangalia, mna tukio, alichofanya, kilichotokea, na cha kufanya safari ijayo. Hamna neno hata moja juu ya tabia yake. Sentensi ya "nisilolijua" nayo si pambo. Huenda wewe ndiye uliyemwambia anakili tiketi kama ilivyo, na kama ndivyo, liandike hilo kabla hajakukumbusha yeye.

Kichwa cha barua kiwe "Boti ya Jumanne", si "Uzembe kazini". Fikiria simu yake iko juu ya baraza, amekaa na wenzake wanakunywa kahawa. Kioo kinawaka, na kinachoonekana ni kichwa cha barua na maneno ya kwanza. Wa pembeni atakuwa ameshasoma kabla mwenyewe hajaishika.

Kuhusu kuanza kwa sifa ili kulainisha: sifa ikiwa ya kweli na inahusu jambo lenyewe, iweke. Ikiwa ni ya kupaka mafuta tu, msomaji anaipita haraka akitafuta "lakini", na siku utakayomsifu kwa dhati atangoja "lakini" hiyohiyo.

Niwaweke wenzake kwenye nakala ili nao wajifunze? (Msimamizi, Malindi)

Hapana. Watakachojifunza ni kwamba siku yao inakuja. Na usimtie mkubwa wako kwenye nakala ya siri ukidhani imekwisha: akibonyeza "Reply all" bila kufikiri, jibu lake linamfikia karani, na karani anajua barua ilikuwa na msomaji wa pili. Nimeliona hilo kwenye ofisi niliyofanyia kazi, na wale wawili hawakuaminiana tena.

Utaratibu mpya wa saa unawahusu wote, basi watumie wote barua yake peke yake, bila kisa. Ila usiitume siku ileile. Mji ni mdogo, kila mtu atajua inamlenga nani. Ngoja wiki.

Mimi huandika kwa utani ili mtu asiumie. Safari hii mwenzangu kachelewesha kazi, nikamwandikia "hongera kwa kuwahi", na amenuna. (Kiongozi wa timu, Lamu)

Utani wa Kiamu unakaa kwenye sauti na kwenye jicho, na barua pepe haina hata kimoja. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, akina Justin Kruger na Nicholas Epley, walichapisha jaribio ambalo watu walitumiana kauli za dhati na za kejeli. Waandishi walidhani wenzao wangezitambua kwa asilimia 78 hivi. Kwa sauti ilikaribia hapo, asilimia 73. Kwa barua pepe ikawa 56, juu kidogo tu ya kurusha sarafu. Ulipoandika "hongera kwa kuwahi", wewe uliisikia sauti yako ikicheka. Yeye alisoma maneno matupu.

Mwandikie wazi kilichochelewa na kwa muda gani. Utani uuweke mpaka mkutane.

Mhasibu wetu ana umri wa baba yangu. Ripoti yake ya mwezi ina makosa. Nimemwandikia "kuna mambo madogo ya kuangalia", akajibu "sawa mwanangu", na hakuna kilichobadilika. (Bi. mdogo, Malindi)

Heshima umeipata, ujumbe ndio haukufika. "Mambo madogo" ameyachukua kama ulivyoyaita.

Anza na shikamoo yako kama kawaida, kisha utaje mstari: "Baba, kwenye ripoti ya mwezi uliopita, jumla ya mafuta ya boti haifanani na risiti. Naomba tuipitie kabla sijaipeleka mbele." Adabu iko kwenye salamu na kwenye kuomba. Tarakimu haitakiwi kuona haya. Ningempigia simu kwanza, kwa dakika mbili tu, halafu barua ifuate ikiwa kumbukumbu ya mliyokubaliana. Mzee hapendi kulikuta jambo kwenye kioo.

Nimeshatuma, na maneno ni makali. Nifanye nini?

Ukitumia Gmail, kitufe cha "Undo" hukaa sekunde chache tu. Kwenye mipangilio unaweza kuzifikisha 30, na hapo ndipo mwisho wake. Zikipita, barua ni yake, na anaweza kumpelekea yeyote.

Mwendee leo. Omba radhi kwa maneno, usiombe radhi kwa jambo: "Nilivyoandika si sawa, nisamehe. Suala la saa bado tulizungumze." Ukifuta vyote viwili, kosa litarudi nawe hutakuwa na mdomo wa kulisema. Na kama kulikuwa na watu kwenye nakala, radhi iwafikie haohao.

Tangu yanifike ya kwangu, sehemu ya anwani huijaza mwisho kabisa. Barua isiyo na anwani haiponyoki.

Barua kama hii ni onyo la kisheria?

Usiichanganye na hilo. Ukifika mahali pa kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na umsikilize. Hilo ni kikao. Barua ya boti ni ya boti.