Nilihesabu Siku Arobaini na Mbili

Swali la wiki: "Baada ya mke kujifungua, mume asubiri kwa muda gani kabla ya wawili hao kurudiana kitandani?"

Mimi nilisubiri, tena nilisubiri kwa uaminifu, na kusubiri huko ndiko kulikotuharibia mambo. Tunaishi Umoja, na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka juzi. Tangu siku niliyoambiwa wodini kwamba mambo ya wakubwa yangengoja wiki sita, niliweka alama kwenye kalenda ya ukutani nikawa nahesabu. Mama yangu aliposema kwamba wao waliambiwa siku arobaini, nilimsahihisha kwa majivuno kwamba ni arobaini na mbili. Swali la muda humfanya mume awe mtu aliyepanga foleni, na mke awe dirisha ambalo halina budi kufunguliwa saa ikifika. Kwa sababu hiyo silipendi, na naomba niruhusiwe kujibu jingine: katika siku hizo zote, mume anangoja nini hasa?

Wiki ya sita ilipotimia tulikwenda kliniki sote watatu. Mtoto alipimwa uzani, akapigwa sindano, akadondoshewa matone mdomoni, na kitabu chake kikaandikwa. Nje kulikuwa na akina mama wengi wamekaa kwenye mabenchi, na muuguzi hakuwa na nafasi ya mazungumzo. Alimuuliza mke wangu mambo mawili tu: kama kidonda kimepona, na kama amechagua njia ya kupanga uzazi. Mke wangu alijibu kwamba kimepona, na kwamba kwa sasa tungetumia kondomu. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto aliyekuwa akilia, na katika maelezo yote ya asubuhi ile neno lililobaki sikioni mwangu lilikuwa "kimepona".

Usiku huo mtoto alilala mapema. Mke wangu aliomba taa izimwe, jambo ambalo hakuwa ameliomba hata mara moja tangu tuoane, kisha akabaki na leso aliyoifunga juu ya kitovu kwa fundo gumu. Nilipojaribu kulifungua fundo hilo aliushika mkono wangu akauweka kando. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, "Mimi sioni chochote kilichobadilika." Miezi kadhaa baadaye alinieleza kwamba aliposikia maneno hayo aliona ni lazima moja kati ya mambo mawili liwe kweli, ama namdanganya, ama simwangalii. Kilichobadilika kilikuwapo. Ngozi ya tumbo ilikuwa imelegea, na kila alipoinuka kutoka kitandani, katikati ya tumbo palitokeza kitu kama tuta. Alikuwa amekiona kwenye kioo cha kabati, na kwa mwezi mzima alikuwa akibadilishia nguo bafuni.

Tulijaribu. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kusuguliwa kwa msasa, na kwamba mahali pa mshono palivuta kana kwamba pangepasuka tena. Matiti nayo yakaanza kuvuja maziwa, leso ikalowa, naye akaona aibu. Niliacha mara moja, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya vyema usiku huo, kwa maana baada ya hapo niligeukia ukuta nikanyamaza. Yeye ndiye aliyeniambia "pole", kana kwamba mimi ndiye niliyeshonwa. Kwa wiki tatu zilizofuata nililala sebuleni kwa kisingizio kwamba kitanda hakitutoshi na mtoto, na hatukulizungumzia jambo hilo hata kidogo.

Aliyetutoa hapo ni mkunga mmoja wa makamo, ambaye mke wangu alielekezwa kwake na mwanamke wa chama chao. Alimpima kwanza, kisha akaniita niingie. Alituambia kwamba neno "kimepona" halikuwa uongo, ila lilikuwa fupi mno. Wakati wa kuzaa mke wangu alichanika kwa daraja la pili, yaani ngozi pamoja na misuli ya msamba, ambayo ni nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mara nyingi ngozi ya mahali hapo hufunga katika wiki mbili au tatu, na nyuzi huyeyuka zenyewe, lakini kovu lililo chini yake linaweza kubaki gumu na lenye kuuma kwa miezi. Anayetazama kwa macho huona jeraha limefunga.

Jambo la pili ndilo lililonishangaza zaidi, kwa kuwa lilikuwa katika maziwa ambayo nilikuwa nikiyafurahia kila mtoto alipoongeza uzani. Mama anayenyonyesha huwa na homoni nyingi ya prolaktini, inayotengeneza maziwa, na hiyo hupunguza kazi ya ovari hata estrojeni ikashuka sana. Estrojeni ndiyo inayofanya ngozi ya uke iwe nene, yenye unyevu na yenye kunyumbuka. Ikishuka, uke huwa mkavu na mwembamba, karibu sawa na wa mwanamke aliyekoma hedhi, hata kama mwenyewe ana miaka 29, na hamu nayo inaweza kupungua. Ukavu ule, ambao mimi nilikuwa nimeufasiri kwamba hanitaki tena, ulikuwa hali ya mwili wa mama anayenyonyesha. Kwa kawaida hupungua kadiri mtoto anavyonyonya kidogo na hedhi inavyorudi.

La tatu ni woga. Mwili uliokwisha kuumizwa mara moja hujikaza kabla ya kuguswa, misuli ya nyonga hubana, kubana huleta maumivu mapya, na maumivu hayo huthibitisha woga. Kwa hiyo mkunga alimkataza mke wangu yale mazoezi ya kukaza misuli ambayo kila mtu humshauri mzazi ayafanye. Alisema kwamba ambaye misuli yake tayari imebana hujifunza kwanza kuilegeza: alale chali, avute pumzi polepole hadi tumbo liinuke, aiachilie, na aisikilize nyonga ikishuka.

Kisha tukapewa masharti. Kwa mwezi mzima tusijaribu tendo lenyewe hata kidogo, ili mguso wowote usiwe na swali ndani yake. Kila siku, kwa dakika chache, mke wangu alikanda kovu kwa kidole safi, akilisukuma taratibu chini na pembeni, na kuacha kila lilipouma kwa ukali. Tutakaporudia tendo, tutumie kilainishi cha maji kutoka duka la dawa, na kwa wingi kuliko tunavyodhani inahitajika. Tusitumie mafuta ya nazi wala ya kujipaka kama bado tunatumia kondomu, kwa sababu mafuta hudhoofisha mpira wake hadi ukapasuka. Mke wangu ndiye angeongoza, kwa kasi yake, na neno lake la kuacha lisiulizwe sababu. Ukavu ukiendelea, daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kiwango kidogo ya kupaka ukeni. Sisi hatukuifikia hatua hiyo.

Kuhusu tumbo, mkunga alimlaza chali, akamkunja magoti, akamwambia ainue kichwa kidogo, kisha akabonyeza kwa vidole juu ya kitovu. Vidole vitatu viliingia kati ya misuli miwili ya mbele. Alieleza kwamba misuli hiyo husogea mbali wakati wa mimba ili kumpisha mtoto, na kwa wengine huchelewa kukaribiana. Tuta lile ndilo hilo, wala si mafuta, na kuinuka kitandani kwa nguvu kana kwamba unafanya mazoezi ya tumbo kunaweza kulifanya lijitokeze zaidi. Akamfundisha ajigeuze ubavu kwanza ndipo ainuke, na akamwelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Tulipotoka pale mke wangu alikuwa akitabasamu, na nikatambua kwamba maelezo ya dakika kumi yalikuwa yamemfaa kuliko sifa zangu zote za miezi miwili. Alikuwa na haja ya mtu wa kukiri kwamba tumbo limebadilika na kumwambia ni kwa nini.

Nilichokifanya mimi baada ya hapo hakikuwa kikubwa. Zamu ya saa kumi alfajiri ilikuwa yangu: yeye alinyonyesha akiwa amelala ubavu, mimi nikamcheulisha mtoto na kumbadilisha nepi, yeye akirudi usingizini. Jioni, kabla ya kumkumbatia, nilimuuliza kama angependa kuguswa au angependa kuachwa, kwa maana mtu aliyening'iniwa na mtoto tangu asubuhi huwa ngozi yake yenyewe imechoka. Siku nyingi alichagua kuachwa. Mama yangu alipoanza maneno yake kwamba tumbo lile lifungwe zaidi, nilimwomba, kwa heshima zote, kwamba habari za tumbo anielekeze mimi. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa baba likizo ya wiki mbili, na zangu nilizimaliza nikiwahudumia wageni chai wakati mama mkwe alikuwa bado yupo nyumbani. Kama ningejua, ningemsihi mwajiri anipe hata siku chache kati ya hizo katika wiki ya saba.

Maumivu yalianza kuisha mtoto alipokuwa na miezi mitano, na hamu ilichelewa zaidi ya hapo. Leso ilibaki kwa muda mrefu, nami niliacha kuligusa fundo lake.

Nilianza kwa kukataa tarakimu, na sasa naona siwezi kuikwepa, kwa sababu yuko kijana atakayesoma haya leo akiwa ameweka alama kwenye kalenda yake. Basi namwambia: mume asilianzishe jambo hili kabla ya miezi mitatu. Mke akilianzisha mwenyewe mapema, damu ikiwa imekoma na jeraha likiwa limefunga, hilo ni lake, ila wakumbuke kwamba anaweza kushika mimba hata kabla hedhi haijarudi. Wala miezi hiyo mitatu isitumiwe kungojea dalili ambazo hazingoji: homa, uchafu wenye harufu mbaya, damu iliyoanza tena kwa wingi, mshono ulioachia, mkojo au haja kubwa inayovuja, au huzuni iliyopita wiki mbili. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mke wangu, niliyemsomea jibu hili kabla ya kulituma na ambaye amelifuta sentensi mbili, anasema miezi mitatu ni michache. Kisha amefikiri kidogo akasema kwamba kwa mtoto wa pili, kama nitakuwa yuleyule wa saa kumi alfajiri, huenda ikawa mingi.