Ukiambiwa "usilie, yuko mahali pema" ukiwa edani

Mjane asiye na mimba hukaa eda miezi 4 na siku 10. Matanga yakishaanuliwa wafiwa wengine hurudi kazini, lakini yeye yumo ndani na wageni wanaendelea kuingia. Hatakosa wa kumwambia, "Usilie, yuko mahali pema."

Sikiliza vizuri sentensi hiyo. Kuhusu mahali pema, wewe mwenyewe unamwombea marehemu hivyo kila sala. Kinachochoma ni lile "usilie". Basi jibu hilo tu. Ukisema "Umejuaje?" au "Mimi nilimtaka hapa," mazungumzo yanageuka kuwa ya dini, mbele ya watu, na jioni utasikia kwamba umekataa kadari.

Chukua mfano wa wifi. Amekaa mkekani karibu yako, anakunja na kukunjua pindo la kanga, kisha anayatamka maneno yale. Kwanza shusha pumzi polepole mpaka iishe, sauti itulie. Halafu sema, "Amin, wifi. Leo nimemkumbuka sana, niache nilie kidogo." Dua umeipokea, na hali yako umeieleza. Usitie "lakini" katikati, maana atakachosikia ni kile kinachofuata "lakini", na ile amin itakuwa imepotea.

Kisha mpe la kufanya. "Hebu nihadithie, alikuwaje utotoni?" Wifi naye amefiwa na kaka yake, na mara nyingi anakukataza kulia kwa sababu akikuona unalia naye hatajizuia. Swali hilo humfungulia mlango. Kwa jirani aliyepita kutoa pole, "Amin" peke yake inatosha.

Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, kwa hiyo machozi si dhambi. Lijue hilo kwa utulivu wa moyo wako, ila usimrushie mgeni kama hoja ya kumshinda.

Akirudia kila akija, zungumza naye mkiwa wawili tu, siku ambayo hujakasirika. Anza na jema alilolitenda kweli: "Wifi, uji ulioniletea juzi ulinishika moyo. Nikiambiwa nisilie kifua hunibana zaidi. Ukija, kaa nami tu, tumsomee Yasini." Usiseme "huwa mnaniumiza", kwani "m" hiyo inawaingiza na ndugu zake wote, na ugomvi wa watu wawili unakuwa wa ukoo. Kama huwezi kumkabili, mtume mtu mzima anayeheshimiwa pande zote mbili, shangazi yake kwa mfano, akaseme kama ushauri wake, bila kukutaja.

Meseji iache kabisa kwa jambo hili. Haina sauti, anayeisoma huitilia ukali wake mwenyewe, na kabla ya magharibi inaweza kuwa imeshafika kwenye grupu la familia.