Usimalize chaji kabla hujaona volti

«Laptopu yangu inazima ghafla ikifika 33%, haitoi hata onyo. Fundi anasema niimalize chaji hadi sifuri mara kadhaa ili ijisahihishe. Nianze leo usiku? Niko Bukavu.»

Usianze! Weka hiyo laptopu kwenye chaja kwanza, halafu usome.

Ushauri huohuo nilipewa na fundi mmoja hapa mjini, kwa uhakika wa mtu ambaye hatalipa yeye. Nikawa naimaliza chaji kila usiku. Nilisoma elektroniki, kwa hiyo mnicheke polepole. Usiku mmoja ikafika sifuri, nikaichomeka, umeme ukaondoka. Mnajua delestaji yetu: moto ulirudi siku iliyofuata jioni, betri imelala tupu muda wote huo. Nilipochomeka tena, taa ya chaji haikuwaka kabisa. Fundi akainua mabega tu, akaniuzia betri «mpya» yenye karatasi inayong'aa. Ripoti yake ilionyesha uzima kamili na mizunguko sifuri, na ikazima kwenye 40%. Chipu ya betri, ile inayohesabu chaji, ilikuwa imeandikwa upya, seli ni za zamani. Tangu hapo laptopu yangu ni kompyuta ya mezani yenye bawaba.

Mkosi wa betri ya kwanza haukuwa asilimia. Betri nyingi za laptopu zina seli tatu au nne zilizofuatana, na mkondo uleule unapita kwenye zote. Moja ikichoka, volti yake inaporomoka haraka kila mashini inapodai nguvu. Ikikaribia volti 3, ulinzi unakata pakiti nzima ingawa zile nyingine bado zina chaji. Ni kama wabebaji watatu wanaopandisha jokofu Kadutu: mmoja akipiga magoti, wote wanasimama. Hiyo 33% inaweza kuwepo kweli, ila haitoki. Nawe ukisukuma betri ya namna hiyo hadi sifuri, unayoibana ni seli dhaifu. Ikishuka mno na kukaa hivyo, inaharibika ndani, na ulinzi unaweza kukataa kuichaji tena. Ndiyo yaliyonikuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa, angalia volti. Hifadhi kazi zako, chomoa chaja ikiwa karibu 50%, fungua PowerShell ya Windows kama msimamizi, andika:

```
(Get-CimInstance -Namespace root\wmi -ClassName BatteryStatus).Voltage
```

Jibu linakuja kwa milivolti: 11200 ni volti 11.2. Soma mashini ikiwa imetulia, halafu cheza video huku mwanga wa skrini uko juu kabisa, usome tena. Kwenye betri ya seli tatu (lebo yake huandika karibu 11.1 au 11.4 V), kushuka kidogo ni kawaida. Lakini ikitoka 11.2 ikaanguka chini ya 10 mara tu video inapoanza, kisha ikapanda tena ukiifunga, seli imechoka. Hakuna usahihishaji utakaoiponya. Dalili nyingine: inazima kwenye 33% ukiwa na video, lakini ukiandika tu inafika 20%.

Ikiwa volti inashuka taratibu bila kuruka, na inapozima iko karibu 9 hata ukiwa hufanyi kitu, basi betri imeisha kweli na hesabu ndiyo iliyopotoka. Chipu haioni chaji. Inahesabu mkondo unaoingia na kutoka, na makosa madogo yanarundikana, hasa kwa anayechaji vipandevipande kila moto unapokuja. Hapo ndipo usahihishaji una kazi. Jaza hadi 100%, iache saa mbili ikiwa imechomekwa, kisha itumie kwa kazi nyepesi hadi ijilaze yenyewe. Ipumzishe saa chache, kisha jaza bila kukatiza. Chipu inapata alama mbili za kweli, juu na chini, na kuhesabu upya kilichomo katikati. Mara moja inatosha.

Haiongezi hata tone la chaji. Mara nyingi FULL CHARGE CAPACITY kwenye ripoti ya `powercfg /batteryreport` inashuka baada ya hapo, na watu wanalia kwamba wameiua betri. Haikufa, imeacha kusema uongo.

Na kama volti inaruhusu, bado usianze leo usiku kwa kutegemea moto wa mtaani. Anza siku ambayo una jenereta, au sola inayoweza kweli kubeba chaja yako. Tuma hapa zile namba mbili, ya kutulia na ya video, pamoja na volti iliyoandikwa kwenye lebo. Huyo fundi mwambie nimesema hapana.